Igizo la shule, ukumbi hauna pa kujifichia wala taa: tufanyeje? (Tanga)

Mwalimu_Raskazone:
Habari za jioni wanajamvi. Ninasimamia wanafunzi 22 wa sekondari hapa Tanga mjini. Tumetunga wenyewe igizo kuhusu kijana anayeshawishiwa kuvua kwa baruti. Sehemu kubwa inatokea ufukweni, nyingine nyumbani kwake, na moja ofisi ya serikali ya mtaa.

Ukumbi wetu ni wa kulia chakula, urefu mita 18, upana mita 9. Mwisho wake kuna jukwaa la saruji lenye upana wa mita 5, kina mita 3, na limebanwa na kuta kulia na kushoto. Mtu akiingia lazima apite katikati ya watazamaji. Juu hakuna cha kuning'iniza kitu, maana dari ni la jipsamu. Taa ni zile ndefu za kawaida, zinawashwa zote kwa swichi moja. Wazazi wanakuja saa kumi alasiri, kama watu 120. Kuna milango mingine miwili kwenye ukuta wa mashariki, inatokea barazani, na madirisha ya luva kuta zote mbili ndefu.

Ninachokosa hasa ni njia ya kuwaingiza na kuwatoa waigizaji, na kubadilisha mandhari bila pazia. Nisaidieni.

Kijana wa Ngamiani:
Mwalimu, rahisi hiyo. Funga waya toka ukuta hadi ukuta mbele ya jukwaa, tundika shuka, mmoja avute. Sisi shuleni tulifanya hivyo na ilipendeza.

BintiMuheza:
Mwalimu pole na kazi. Sisi kwaya yetu ilisumbuliwa na sauti, ukumbi ulikuwa na mwangwi hadi maneno hayasikiki. Kodini spika mbili na maikrofoni za mkononi mapema, wikiendi huwa zinaisha.

Mwalimu_Raskazone:
Asante dada. Sauti haijanisumbua bado, na maikrofoni ya mkononi itamzuia mtoto kuvuta nyavu. Shida yangu ni nafasi.

FundiJukwaa:
Shikamoo kwa wakubwa. Mwalimu, nimesomea sanaa za maonyesho Bagamoyo na nimefanya maigizo mengi vijijini ambako hata ukumbi hakuna. Kwa vipimo ulivyotoa, liache hilo jukwaa. Watoto 22 hawaenei kwenye mita 5 kwa 3, na mzazi wa nyuma atakuwa mita 15 kutoka kwa mwigizaji.

Geuza ukumbi. Cheza chini sakafuni, mgongo ukiwa ukuta wa mashariki, katikati ya ile milango miwili. Milango ndiyo njia zenu za kuingilia na kutokea, na baraza ndiyo nyuma ya jukwaa. Tenga eneo la mita 6 kwa 3.5, watazamaji wakae pande tatu. Hapo hata aliye nyuma kabisa katikati hazidi mita 6 hivi toka kwa waigizaji, na sauti ya mtoto inamfikia bila chombo.

Kuhusu waya, ndugu wa Ngamiani hajakosea, ila aangalie mvuto. Waya wa mita 9 wenye kitambaa cha kilo 8, ukitaka usilegee zaidi ya sentimita 10 katikati, kila ncha inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 90. Ukifunga kwenye fremu ya luva, fremu inang'oka. Ukisimamisha nguzo moja katikati, mvuto unashuka hadi kama kilo 23, lakini sasa una nguzo mbele ya macho ya watu.

Kijana wa Ngamiani:
Sisi ukumbi wetu ulikuwa mdogo, labda ndiyo maana. Lakini mkuu, mlango ukifunguliwa si watu wataona watoto wamejipanga barazani?

FundiJukwaa:
Wataona, na mwanga wa nje utawapiga machoni. Kwa hiyo kila mlango unauwekea kizuizi ndani, kama mita moja toka mlangoni. Tengeneza fremu mbili za mbao za mbili kwa mbili, kila moja mita 2.1 kwenda juu na 1.2 upana, ziunganishe kwa bawaba tatu, zivishe kaniki. Ukizifungua kama kitabu zinasimama zenyewe. Chini weka vifuko vya mchanga, kwa sababu upepo wa bahari wa alasiri ukipita kwenye luva utaziangusha.

Kuzipima usitumie kipimo cha fundi. Mweke mwanafunzi nyuma ya kizuizi, wewe kaa kiti cha pembeni kabisa cha mstari wa kwanza, halafu cha pembeni upande wa pili. Yeye akikuona, nawe unamwona. Sogeza mpaka msionane, kisha chora alama ya chaki sakafuni.

Barazani awepo mtu mzima mmoja. Luva hazizuii minong'ono.

Mwalimu_Raskazone:
Nimekuelewa. Kwenye mwanga je? Nilitaka giza kati ya onyesho na onyesho. Kuna mtu amenipa taa mbili za halojeni za wati 500, nilifikiri niziweke sakafuni mbele.

FundiJukwaa:
Halojeni ya wati 500 usiiweke karibu na kaniki, inaunguza. Na taa ya sakafuni inamulika kidevu na pua toka chini, uso unatisha, na kivuli cha mtoto kinakuwa kikubwa ukutani nyuma yake.

Saa kumi jua liko magharibi. Ukicheza mgongo ukiwa mashariki, mwanga wa madirisha ya magharibi unapita juu ya vichwa vya wazazi na kuangukia nyuso za waigizaji. Ila madirisha yaliyo nyuma ya waigizaji yafunike yote kwa kaniki, la sivyo watazamaji wataona maumbo meusi. Jaribuni siku ya kawaida saa ileile. Ukikaa mstari wa mwisho na huoni macho ya mwigizaji, bado kuna mwanga mwingi nyuma yake.

Giza hutalipata mchana, kwa hiyo usilitegemee. Wabadilishe mandhari mbele za watu huku wakiimba wimbo wa kuvuta nyavu. Benchi moja liwe ngalawa, likigeuzwa liwe kiti cha ofisi. Wimbo ukiisha, mahali pamebadilika. Kila anayebeba kitu ajue anakitua wapi kwa alama ya chaki.

Mzee wa Pongwe:
Nami nauliza, huo mlipuko wa baruti mtaufanyaje? Isije ikawa fataki ndani ya ukumbi.

FundiJukwaa:
Shikamoo mzee. Fataki hapana kabisa. Bati moja jembamba linaning'inizwa barazani na kutikiswa kwa nguvu, na ngoma kubwa inapigwa papo hapo. Kisha kimya. Waigizaji wote wageuke kutazama upande mmoja, baharini. Watu wataona mlipuko kwenye nyuso zao.

Mzee wa Pongwe:
Marahaba. Na mlango mkubwa msiuzibe kwa viti. Watu 120 humo ndani, ile miwili mmeshaichukua ninyi.

BintiMuheza:
Swali dogo. Sakafu ni tambarare, mtoto akikaa chini kutengeneza nyavu, wa nyuma ataona nini?

FundiJukwaa:
Dada, hapo umegusa udhaifu wa mpango huu. Kuanzia mstari wa tatu hawataona aliyekaa chini. Watoto wadogo wakae kwenye mikeka mbele, kisha mabenchi, kisha viti, na wa mwisho wasimame. Maonyesho ya kukaa yachezwe juu ya meza mbili fupi zilizofungwa pamoja miguu kwa kamba. Hata hivyo walio pembeni watakosa kidogo.

Mwalimu_Raskazone:
Nitapima hivyo vizuizi kwanza. Kinachobaki ni mkuu wa shule, anataka mgeni rasmi akae mbele ya jukwaa la saruji kama kawaida, na huko atakuwa ubavuni mwa igizo.

Mzee wa Pongwe:
Mhamishie mgeni meza yake ukuta wa magharibi, katikati. Mkuu akikataa, hotuba zifanyike jukwaani halafu watu wageuze viti. Ila viti 120 kugeuzwa ni kelele na muda, sijui kama watoto wataweza kuanza vizuri baada ya hapo.