MALALAMIKO: Hadithi zenu za redio zinalia kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Tumechoka!

Mhariri_Mkali (Kampala)

Waandishi wa hadithi za Kiswahili mnaotuma kazi redioni, leo nasema bila kupakapaka mafuta. Mnatuua! Ukifungua kurasa kumi za msiba, kumi zote zinalia kwa sauti moja, kwa mwendo mmoja, kwa nguvu ile ile. Hakuna anayekasirika, hakuna anayecheka kwa bahati mbaya, hakuna anayeulizia chai. Mwenye kufiwa halii hivyo. Analia, anatulia, anagombana na mtu aliyekosea kupanga viti, anakumbuka utani wa marehemu anatabasamu, kisha anaona viatu vyake mlangoni na kilio kinaanza upya.

Tazameni mfano. Nimeutunga mwenyewe ili nisimwaibishe mtu, lakini mnajijua:

*"Kwa huzuni isiyo na kifani, Mama Nakato aliketi ufukweni huku moyo wake ukivuja damu. Machozi yalimtiririka njia mbili mbili. Uchungu mkali mno ulimkaba koo. Ghafla mtumbwi ulionekana bila mwanawe. Moyo ulimpasuka kwa majonzi makubwa. Alilia kwa uchungu usioelezeka."*

Haya, niambieni: moyo umeshavuja damu mstari wa kwanza, sasa habari mbaya ikifika uvuje nini? "Isiyo na kifani" mmeimaliza kabla mtumbwi haujafika! Msikilizaji hana pa kupanda, kwa sababu mmemweka kileleni tangu mwanzo. Na hiyo "ghafla" haishtui mtu. Ghafla inataka utulivu mbele yake.

Kama hamna la kusema, basi andikeni matangazo.

---

Boda_Ntinda

Mkuu, umesema kweli tupu. Dawa yake ni rahisi: sentensi fupi fupi. Na alama za mshangao. Mwendo unakuwa wa kasi. Hisia zinapanda. Kwisha.

---

Mwalimu_wa_Arua

Ndugu yangu wa boda, hapo umepata nusu. Sentensi fupi zikifuatana ishirini nazo ni mlio mmoja. Tena kila nukta inasimamisha. Soma kwa sauti "Alikimbia. Aliruka. Aliingia majini." Umesimama mara tatu! Kiswahili kina kitu chake cha kukimbiza, nacho ni -ka-. Ukipanga vitenzi vya -ka- ndani ya sentensi moja ndefu bila kuweka mkato, pumzi ya msomaji inaisha pamoja na ya mhusika. Ukitaka kumrudisha taratibu, acha -ka-, tumia "alikuwa ana-". Hapo kitendo kinaning'inia, hakijaisha.

Nimechukua ule ule mfano wa Mhariri, mwalo wa Gaba, mama yule yule:

*"Mama Nakato alikuwa akipima mukene. Mteja akataka nyongeza. 'Nyongeza ya nini, na kikombe kimefurika?' Wakacheka wote wawili. Mtumbwi ulionekana mbali, naye akaendelea kupima. Ulipokaribia akahesabu vichwa. Viwili. Akahesabu tena. Akatupa kikombe akashuka akaruka nyavu akaingia majini na gomesi yake mpaka magotini akauliza, 'Mwenzenu yuko wapi?' Hakuna aliyejibu. Kijana mmoja alikuwa anafunga kamba ya mtumbwi. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Huko nyuma mteja akaita, 'Mama, chenji yangu!'"*

Tafuteni neno "huzuni" humo. Halimo. Kicheko cha mwanzo ndicho kinachoumiza baadaye. "Viwili" imesimama peke yake kwa sababu hapo ndipo moyo unaposimama. Halafu angalieni: kila hali ilipobadilika kuna kitu kilichoibadilisha. Mteja aliudhi, utani ukachekesha, vichwa vikapungua. Wengine wakisikia "badilisha hisia" wanamfanya mhusika acheke aya hii na kulia aya ijayo bila kuguswa na chochote. Hapo unaandika mgonjwa wa akili, si mfiwa.

---

Afande_Mstaafu

Shikamooni wote. Mimi naandika ripoti za ajali kwa kampuni moja ya ulinzi, na mkubwa wangu anazirudisha kila mara anasema ni kavu. Kumbe nilitakiwa kuweka kupanda na kushuka? Naomba mfano wa ripoti yenye kicheko.

---

Mhariri_Mkali (Kampala)

Marahaba, mzee wetu. Usithubutu! Ripoti ibaki na sauti moja, na tangazo la msiba vilevile: jina, mahali, saa ya maziko, basi. Anayelisikiliza anatafuta habari, hatafuti kusindikizwa katika hisia. Mkubwa akisema kavu, nadhani anataka ueleze gari lilitoka upande gani, si ulie.

Mwalimu, umenipoza kidogo, ila hasira yangu bado ipo. Hawa watu hawasomi kazi zao kwa sauti! Fanyeni hivi kabla ya kutuma. Pembeni ya kila aya andikeni neno moja la hali yake: hofu, kero, aibu, kicheko. Chini yake wekeni namba ya nguvu, 1 mpaka 5. Mkikuta aya tatu mfululizo zina neno moja na namba moja, hapo ndipo msikilizaji alipozima redio. Kisha pigieni mstari kila "mno", "sana", "mkubwa" na "usioelezeka". Futeni zote, bakizeni moja, na hiyo moja iwe kwenye 5. Na 5 yenyewe iwe moja tu kwa hadithi ya dakika kumi. Mkiweka tatu, zote zinakuwa 3.

---

Binti_Mutukula

Kaka Mhariri, mimi sikubaliani na hukumu ya jumla. Yuko mtu ambaye habari mbaya inamgandisha. Anaongea sauti ile ile siku nzima, anafua nguo, anakunja, anafua tena zilizo safi. Nikimwandika huyo kwa sauti moja nimekosea wapi? Mkilazimisha kila hadithi ipande na kushuka, nayo itakuwa fomula.

---

Mwalimu_wa_Arua

Dada, hoja yako ina uzito. Ila angalia mfano wako mwenyewe: sauti yake imeganda, lakini nguo safi zinafuliwa tena. Kitu kimesogea hapo, japo si sautini. Mimi ningekuruhusu sauti moja kwa masharti kwamba vitendo vipotoke, na watu wanaomzunguka wawe na sauti za kawaida, ili ule ubaridi wake usikike. Mtu akiwa baridi katikati ya watu baridi, msikilizaji atadhani ni mwandishi aliyeganda.

---

Binti_Mutukula

Na kama yuko peke yake nyumbani, mwalimu? Hakuna wa kumzunguka.

---

Boda_Ntinda

Mwekeeni redio ya jirani ipige muziki.

---

Mhariri_Mkali (Kampala)

Boda, leo umesema la maana. Binti, tuma hiyo ya kufua nguo, niisome kwa sauti kabla sijabishana zaidi. Na ole wako nikute "simanzi" kwenye mstari wa kwanza.