Barua ya kumshukuru shangazi aliyekupa kidani cha zamani: tupeane uzoefu

Bi Arusi Mpya:
Habari zenu. Wiki tatu zimepita tangu arusi yangu. Shangazi, dada wa baba, alinivalisha kidani chake cha dhahabu, cha zamani, mkufu mwembamba wenye ua katikati. Nataka kumwandikia barua ya shukrani na hii ndiyo rasimu:

"Shikamoo Shangazi. Natumaini u mzima. Nakushukuru sana kwa zawadi nzuri uliyonipa siku ya arusi yangu. Nimeifurahia mno na nitaitunza daima. Mungu akubariki. Mwanao."

Nikiisoma naona haina uhai, lakini sijui imekosa nini. Halafu kifungio kimelegea na nataka kukibadilisha. Mliozoea kuandika barua za namna hii, mnaziandikaje?

Kalamu Nyeusi:
Jaribu hivi: chukua rasimu yako, mahali pa kidani weka seti ya vikombe. Hakuna sentensi hata moja itakayobadilika. Aliyekupa vikombe na aliyekupa kidani alichokivaa mwenyewe wanapata barua ileile.

Usianze kwa kuandika. Kaa karibu na dirisha, mchana, uweke kidani juu ya kitambaa cheupe, ukitazame dakika kumi. Andika pembeni kila unachokiona. Tazama palipolika: vipete vya karibu na kifungio huwa vyembamba kwa sababu ndivyo vinavyosuguana zaidi. Geuza ua uone mgongo wake kama umelainika kwa kulala juu ya ngozi. Kisha chagua jambo moja tu kati ya hayo, lile ambalo shangazi akilisoma atajua kweli umekishika na kukitazama. Ukiyaweka yote, barua inakuwa kama orodha ya mnada.

Baada ya hapo kinachobaki ni kidogo: ilikuwaje ulipokivaa, shukrani yenyewe kwa sentensi moja, na swali moja kuhusu kilikotoka.

Mama wa Wanne:
Kusafisha dhahabu si kazi, mwanangu. Dawa ya meno na brashi, unasugua mpaka inang'aa kama mpya, kisha unampigia picha shangazi. Atafurahi kuliko barua.

Fundi Sonara:
Mama wa Wanne, kwa heshima, hapo hapana. Dawa ya meno ina chembe za kukwangua, na dhahabu ni laini. Nakshi za ua la zamani tayari zimepungua kina, na ukizisugua hivyo kila mara utazifuta taratibu.

Tumia bakuli la maji ya uvuguvugu na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo. Loweka kama dakika kumi, pitisha brashi laini bila kukandamiza, suuza katika bakuli la pili, halafu ukaushe kwa kitambaa. Usisuuzie juu ya sinki lenye tundu wazi, maana kipete kilicholika kikiachia, ua linakwenda na maji. Kama kidani kina lulu au jiwe lililogandishwa kwa gundi, usiloweke kabisa. Futa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Ila ningeandika barua kwanza, kusafisha baadaye. Weusi uliokaa ndani ya nakshi unaonyesha mchoro vizuri, na ukiuondoa unapoteza nusu ya cha kuandika.

Sasa kifungio, ambacho ndicho kinachonitia wasiwasi. Tazama hapo kama kuna namba ndogo: 375, 585, 750 au 916. Hiyo 750 ina maana kwamba sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu, yaani karati 18. Katika mikufu mingi ya zamani chapa ipo kwenye kifungio peke yake. Ukikibadilisha, chapa inaondoka nacho, na kifungio kipya kinaweza kuwa na namba isiyolingana na mkufu. Mwambie fundi aunge kwa dhahabu ya karati na rangi ileile, asiweke risasi, na akurudishie kifungio cha zamani hata kama kimekatika. Mara nyingi si lazima kubadilisha chochote. Ulimi ukiwa umelegea unaweza kukunjwa tena ukabana.

Karani wa Zamani:
Mimi ningeandika yote ndani ya barua: gramu ngapi, karati ngapi, tarehe uliyopewa. Barua inakuwa ushahidi. Siku za mbele akitokea mtu wa kusema kidani ni cha ukoo, unayo karatasi.

Kalamu Nyeusi:
Karani, kumbukumbu ni muhimu, ila si mahali pake. Shangazi akisoma "gramu kumi na nne, karati kumi na nane" ataelewa kwamba kidani chake kilifika kwenye mizani kabla ya shukrani kufika kwake. Andika hayo kwenye karatasi nyingine, na picha za mbele na nyuma, ubaki nayo mwenyewe.

Halafu barua uliyoiandika wewe inaonyesha tu kwamba *wewe* unasema ulipewa. Chenye uzito ni maneno yake yeye. Ndiyo maana nasisitiza lile swali la mwisho. Akijibu kwa mkono wake, "Nilipewa na mama yangu, nami nimekupa wewe," hapo umepata historia na uthibitisho, na hakuna aliyemdai kitu.

Fundi Sonara:
Tena chapa kwenye kifungio inaapia kifungio tu. Huenda kilishawahi kubadilishwa. Mkufu wenyewe mpaka upimwe, kwa hiyo hata hiyo karati ungeiandika kwa kubahatisha.

Dada wa Pili:
Naomba kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Alipokuvalisha alisema nini hasa? "Vaa hiki leo" na "kiwe chako" ni mbali mno. Wapo bi arusi wanaoazimwa kidani kwa siku moja, wanaandika "nitamrithisha binti yangu", na mwenye mali anabaki na aibu ya kukidai. Kama huna hakika, mtume baba aulize kwa upole kabla barua haijaondoka.

La pili: shangazi ana mabinti?

Bi Arusi Mpya:
Alisema "kiwe chako, mwanangu", na mama alikuwepo. Ndiyo, ana binti mmoja, ananizidi miaka miwili, hajaolewa.

Dada wa Pili:
Basi barua hiyo iandike ukijua binamu yako ataisoma, au atasomewa. Futa kila neno la "umenichagua" na "mimi peke yangu". Ile "nitaitunza daima" nayo ingoje. Huenda shangazi mwenyewe anawaza siku moja kiende kwa mjukuu wake, na wewe umeshafunga mlango. Sema umekipokea na umekivaa, inatosha.

Neema:
Mimi mama mkwe alinipa pete ya dhahabu na hainiingii kidoleni. Nimwambie au niivae kwenye mkufu ninyamaze?

Fundi Sonara:
Neema, pete huongezwa au kupunguzwa, mradi haina mawe kuizunguka yote. Muulize kwanza kama anaridhia ikatwe.

Kalamu Nyeusi:
Bi Arusi, nimejaribu kuipanga kwa uliyotueleza. La ua nimebuni, wewe weka utakachokiona.

"Shikamoo Shangazi,

Leo nimekaa dirishani na kidani mkononi. Siku ya arusi sikupata nafasi ya kukitazama. Ninachokumbuka ni ubaridi wake uliponifunga, na jinsi kilivyopata joto kabla hatujatoka chumbani. Leo nimeliona ua vizuri. Petali za upande wa kulia zimelainika kuliko za kushoto, nikakumbuka unavyolishika kwa vidole viwili ukiwa unasikiliza mtu.

Ahsante, Shangazi, kwa kunipa kitu ulichokivaa mwenyewe.

Nina swali. Wewe ulikipata kwa nani, na ulikivaa mara ya kwanza lini? Ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili, niiweke pamoja nacho.

Mwanao."

Ona neno "zawadi" halimo kabisa. Kimeitwa kidani, kwa jina analolitumia mwenyewe. Akikiita mkufu, nawe andika mkufu. "Ahsante" imekuja baada ya ua, kwa hiyo inashukuru kitu kinachoonekana. Na vile vidole viwili visiwe vya kubuni. Kama hujawahi kumwona akilishika, usiandike, maana atajua mara moja.

Weka tarehe kamili, na mwaka. Nyuma ya karatasi andika majina yenu mawili kamili, kwa kuwa baada ya miaka "Shangazi" na "Mwanao" hayatamwambia msomaji ni akina nani. Piga picha kabla ya kuituma.

Mama wa Wanne:
Macho ya shangazi je? Kama kusoma kunamtesa, ujumbe wa sauti ni bora. Anausikiliza mara kumi akitaka.

Kalamu Nyeusi:
Hapo Mama umenena, nami sina jibu moja. Sauti ina joto ambalo karatasi haina, lakini hupotea na simu. Anaweza kupata vyote viwili: andika herufi kubwa, mistari iachane, kisha uisome hiyohiyo kwa sauti umtumie.

Fundi Sonara:
Na jibu lake likija, usilifunge pamoja na kidani kwa mpira wa kufungia noti. Mpira una salfa, nayo huchafua fedha na shaba zilizochanganywa na dhahabu. Hata karati 18 ina sehemu 6 kati ya 24 ambazo si dhahabu. Utakuta mstari mweusi kwenye mkufu pale ulipopita mpira. Kidani kikae kwenye mfuko wa kitambaa laini kikiwa kimefungwa kifungio chake ili kisijisokote, na barua kwenye bahasha, bila selotepu.

Bi Arusi Mpya:
Nimekaa nacho dirishani. Petali ziko sawasawa, ila vipete vitatu vya nyuma kweli ni vyembamba, na kimoja si cha rangi moja na vingine, chekundu kidogo. Na chapa ipo, 750, kwenye kifungio. Sasa la kulegea nilitaje au nisilitaje?

Fundi Sonara:
Hicho chekundu yaelekea kina shaba zaidi, kwa hiyo huenda mkufu ulishawahi kukatika ukaungwa. Mtajie, muulize. Anaweza kujua kama uliungwa, lini na nani, na mimi nisingegusa kifungio kabla ya kusikia.

Dada wa Pili:
Muulize habari ya kile kipete chekundu, hilo atalipenda. Ila kulegea usikutaje kwenye barua ya shukrani. Mzee atasoma "umenipa kibovu". Mpigie simu baada ya wiki, muongee.

Fundi Sonara:
Wiki nzima akikivaa hivyo, kitadondoka.

Dada wa Pili:
Basi asikivae hiyo wiki.

Bi Arusi Mpya:
Nimeanza upya. "Shikamoo Shangazi, kuna kipete kimoja nyuma, karibu na kifungio, ambacho ni chekundu kuliko vingine. Kina habari gani?" La kulegea bado sijaliamulia. Kidani nimekivua, kipo kwenye kitambaa.