Naomba ushauri: slaidi za kikao cha wazazi darasa la saba, mkuu wa shule kazikataa

ChakiMkononi
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye shule moja ya msingi ya binafsi huku Usa River. Jumamosi ya wiki ijayo tuna kikao cha wazazi wa darasa la saba na mimi ndiye nimetwishwa slaidi: matokeo ya moko, ada iliyobaki, na tarehe za muhula wa pili. Nimetengeneza slaidi 19. Jana nikampelekea mkuu, akafika ya tatu tu, akasema "mwalimu, nikiwaonyesha hii wazazi watahamisha watoto," akafunga laptopu.

Hiyo ya tatu ni grafu ya nguzo, wastani wa Hisabati kati ya alama 50. Mwaka jana 29.4, mwaka huu 27.8. Namba nimezihakiki mara mbili ziko sawa, lakini kwenye grafu nguzo ya mwaka huu inaonekana kama theluthi ya ile ya mwaka jana. Mkuu anataka niitoe niandike tu "ufaulu umeshuka kidogo". Moyo unakataa, maana mzazi ana haki ya kujua.

Ya ada ni jedwali la mistari 11, la shule nzima. Tarehe nimechukua slaidi ya mwaka jana nikairekebisha: mwaka jana tulifungua Jumanne 8 Julai, mwaka huu nimeandika Jumanne 7 Julai 2026. Naomba mnisaidie, hasa hiyo grafu.

Mzee wa Sakina
Mwalimu unachanganya watu. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, matokeo anatangaza NECTA, si wewe. Subiri yatoke ndipo uitishe kikao.

ChakiMkononi
Mzee wangu, shikamoo. Ni matokeo ya moko, si ya taifa.

Mzee wa Sakina
Marahaba. Basi sawa, sikusoma vizuri, miwani iko kwa fundi.

Fundi_Projekta
Mkuu, slaidi 19 ni nyingi, baki na 6 au 7. Weka mandhari nyeusi na maandishi ya njano, yanavutia sana ukutani. Grafu ya nguzo achana nayo, weka ya duara, haina mambo ya juu na chini. Halafu weka orodha ya watoto wote kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho na alama zao. Wazazi wa Kitanzania bila kuona namba ya mtoto wake darasani hawajaona matokeo.

MwlMstaafu_Moshi
Mwalimu mwenzangu, nguzo zako hazijakosea namba, zimekosea pa kuanzia. PowerPoint ukiiachia ichague mhimili yenyewe, na namba zako zikiwa karibu karibu, haianzii sifuri. Tazama chini kabisa upande wa kushoto wa grafu, nadhani utakuta 27. Maana yake mwaka jana nguzo ina urefu wa 2.4 na mwaka huu 0.8. Ndiyo hiyo theluthi yako. Tofauti ya alama moja na nusu imegeuka maporomoko.

Bonyeza mara mbili kwenye zile namba za pembeni, itafunguka `Format Axis`. Kwenye `Bounds`, sehemu ya `Minimum` andika 0, na `Maximum` andika 50. Usiishie 30, maana mzazi anajua mtihani ni wa 50 na anataka kuona mwanawe kabakiza ngapi.

Lakini kabla hujarekebisha nijibu swali moja. Waliopata A, B, C, D na E ni wangapi wangapi, mwaka jana na mwaka huu? Wastani peke yake siuamini.

ChakiMkononi
Eeh, ni 27 kweli! Nimeitazama wiki nzima sikuiona.

Hisabati mwaka jana, watoto 34: A 4, B 13, C 13, D 4, E hakuna. Mwaka huu, watoto 36: A 6, B 11, C 9, D 7, E 3.

MwlMstaafu_Moshi
Sasa hiyo ndiyo slaidi yako. Wenye A wameongezeka kutoka 4 hadi 6. Wenye D na E walikuwa 4, sasa ni 10. Darasa limepasuka katikati: wa juu wamepanda, wa chini wamezama, wastani ukazifunika habari zote mbili ukasema "tumeshuka kidogo". Mkuu wako akiandika maneno yale atakuwa hajadanganya, ila mzazi wa mmoja wa wale 10 ataondoka hajui kitu.

Usiweke asilimia. Kwa darasa la watoto 36, mtoto mmoja ni karibu asilimia 3, ukisema "asilimia 8 wamepata E" mzazi anafikiria umati, kumbe ni watoto watatu. Andika idadi. Chora safu mbili za kulala, moja ya mwaka jana na nyingine ya mwaka huu, kila safu imegawanywa kwa madaraja na idadi ikiwa ndani ya kipande chenyewe. Pembeni weka kwamba A ni 41 hadi 50, B 31 hadi 40, na kuendelea hadi E, 0 hadi 10. Wazazi wengi bado wanahesabu kwa mia, akisikia mwanawe ana 42 anadhani amefeli.

Kuhusu grafu ya duara, mbili zikikaa kando kando jicho haliwezi kulinganisha vipande vya 13 na 11. Hapo Fundi ametuangusha. Kwenye kupunguza slaidi namuunga mkono.

Fundi_Projekta
Sawa mwalimu, duara nairudisha kabatini. Ila ya majina sirudi nyuma. Sisi tulibandikiwa majina ubaoni na hatukufa.

Mama Pacha
Hukufa wewe. Mwanangu mmoja alikuwa wa 3 na pacha wake wa 31, jina limekaa ukutani futi sita mbele ya watu wote. Yule wa 31 mpaka leo ukitaja kikao cha wazazi anaingia chumbani.

MwlMstaafu_Moshi
NECTA yenyewe mwaka 2023 iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sitaki mwalimu awe mfano wake. Kila mzazi apewe karatasi ya mtoto wake mkononi, nusu ya A4 inatosha. Ukutani libaki darasa.

Na ile mandhari nyeusi, Fundi, inafaa ukumbi wenye mapazia. Kwenye bwalo lenye madirisha pande zote saa nne asubuhi, nyeusi inageuka kijivu na njano haionekani. Nyeupe yenye maandishi meusi, ukubwa usipungue 28.

Mama Pacha
Nirudi kwenye ada maana hapo ndipo panaponiuma. Darasa la saba wanamaliza Septemba. Mimi mwaka juzi shule moja ilinitoza chakula na gari mpaka Novemba, mtoto yuko nyumbani anachunga ndizi. Nikiuliza naambiwa "jedwali ndivyo lilivyo". Mwalimu, hilo jedwali lako la mistari 11 linasema nini kuhusu hapo?

ChakiMkononi
Dada, halisemi chochote. Ada ni 1,600,000 kwa mwaka, chakula 400,000, jumla milioni mbili kwa awamu nne za 500,000. Usafiri unalipwa kila mwezi, huo hauna shida.

Mhasibu wa Majengo
Chakula 400,000 ni miezi mingapi? Kama ni 40,000 kwa miezi 10, yaani Januari hadi Novemba ukitoa Juni ya likizo, basi darasa la saba wanakula miezi 8 tu. Ni 320,000. Jumla yao ni 1,920,000. Wameshalipa awamu mbili, milioni moja. Inabaki 920,000: awamu ya tatu 500,000, ya nne 420,000.

Slaidi ya darasa la saba iwe na mistari hiyo miwili tu, kila mmoja na tarehe yake ya mwisho. Mistari mingine 9 ni ya wazazi ambao hawako ukumbini. Ila usiweke 420,000 kabla mhasibu wenu na mkuu hawajakubali, maana ukishaiweka ukutani ni ahadi. Kuna shule chakula wameshakiingiza ndani ya ada na hawarudishi, hapo hesabu yangu haifanyi kazi.

Namba ya akaunti isomwe na watu wawili, mmoja anataja mwingine anafuata kwenye kitabu cha benki. Wazazi wataipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, tarakimu ikikosewa hapo huikamati tena. Na waambie kwenye maelezo ya malipo waandike jina la mtoto, si la baba. Nina pesa za "Baba Neema" watatu, sijui Neema yupi.

Kijana wa Tengeru
Samahani, mimi mpita njia. Jumanne 7 Julai 2026 mnafungua shule Sabasaba?

ChakiMkononi
Mungu wangu.

Kijana wa Tengeru
Umeishika siku ukaisogeza tarehe. Mwaka jana 8 ilikuwa Jumanne, mwaka huu 8 ni Jumatano. Muulize mkuu ni tarehe ipi kwenye kalenda, usirekebishe kwa kichwa. Na Jumamosi ni soko huku kwetu, akina mama wengi watafika wamechelewa. Ya tarehe iweke mwisho na uiache ukutani.

Fundi_Projekta
Na uchapishe zote kwenye karatasi. Umeme ukikatika usiseme hukuambiwa. Nenda na kebo ya HDMI na ile ya zamani ya VGA, projekta za shule hazitabiriki.

Mzee wa Sakina
Kwa Kiswahili lakini. Wajukuu wangu wanasoma kwa Kiingereza, mimi ndiye nakuja kikaoni.

ChakiMkononi
Wakuu, mrejesho. Kikao kimeisha saa saba. Slaidi zilibaki 6, zote Kiswahili. Tunafungua Jumatano 8 Julai. Mkuu alikubali 420,000 baada ya kukaa na mhasibu jioni nzima, lakini kwa mwaka huu tu. Mwakani anasema bodi ndiyo itaamua.

Ile safu ya madaraja ilipotokea bwalo lilinyamaza, halafu mzee mmoja wa nyuma akauliza "hao kumi ni akina nani?" Mkuu akamjibu kila mtu atazame karatasi aliyonayo. Nikaona watu wanazifungua kimya kimya, wengine wanazikunja haraka. Baadaye wazazi sita walinifuata wenyewe kuomba vipindi vya Hisabati jioni. Wa saba akauliza hivyo vipindi nani analipa. Hiyo haikuwa kwenye slaidi, na mkuu alikuwa ameshaondoka.

Mama Pacha
Na mhasibu wenu naye alikuwa ameshaondoka?

ChakiMkononi
Yeye ndiye aliyetangulia.