Ulinganisho: jaribio la Silverman na la Voas kuhusu nyota za wachumba, lipi lina uzito?

Shangani_Juu
Wakuu, habari za huko. Nyumbani kwetu kuna posa, na wazee wamepeleka majina kwa mwalimu wa falaki Mikindani. Jibu limerudi: nyota hazipatani, huyu moto yule maji. Mchumba mwenyewe hana shida, ni wazee tu. Nimetafuta kama kuna aliyewahi kupima jambo hili kwa hesabu, nikapata mawili. Moja ni la Silverman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, la 1971. Lingine ni la David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester, la 2007. Yote yanasema nyota hazikuonyesha kitu. Mimi nikienda mbele ya wajomba nataka nibebe moja tu lenye nguvu. Nibebe lipi?

Koroshokavu
Beba la Voas. Alichukua sensa ya 2001 ya Uingereza na Welisi, wanandoa karibu milioni kumi. Silverman alikuwa na wanandoa elfu mbili na kitu. Mjadala umeisha.

HesabuLindi
Haujaisha, ndugu Koroshokavu. Wingi ni kweli, lakini hayo majaribio mawili hayakuuliza swali moja.

Silverman aliwaendea wanajimu wawili, wakamtajia nyota zipi zinapatana na zipi zinagombana. Kisha akachukua kumbukumbu za Michigan za 1967 na 1968, ndoa 2,978 zilizofungwa na 478 zilizovunjika. Kama wanajimu wanajua, waliopatanishwa na nyota wangejaa zaidi upande wa ndoa, na waliogombanishwa wangejaa zaidi upande wa talaka. Haikuwa hivyo. Waligawanyika kama watu waliochotwa bila kuangaliwa nyota. Kwa hiyo yeye alipima utabiri wa wanajimu wenyewe.

Voas hakumuuliza mnajimu yeyote. Alichouliza ni kama kuna mpangilio wowote ule, hata ambao hakuna mnajimu aliyewahi kuutaja. Nyota ni 12 kwa mume na 12 kwa mke, basi jozi ni 144. Ukigawa milioni kumi kwa 144 unapata kama 69,000 kwa kila jozi (kwa kweli haziwi sawasawa, maana watoto hawazaliwi idadi moja kila mwezi, kwa hiyo lazima uanze na idadi halisi ya wanaume na wanawake wa kila nyota). Kwenye rundo la 69,000, bahati peke yake hulisogeza juu au chini kwa mia mbili tatu hivi. Jozi ikizidi kwa elfu nzima, inaonekana wazi. Sasa chukua talaka za Silverman, 478, uzigawe kwa 144: tatu na kidogo kwa kila jozi. Hapo huwezi kusema lolote kuhusu jozi mojamoja, ila kuhusu mafungu mawili makubwa, wanaopatana na wasiopatana, unaweza.

Bi_Ligula
Wanangu, mimi niliambiwa nyota yangu na ya baba watoto hazipatani, yeye Akrabu mimi Asadi. Tumekaa mpaka ana wajukuu. Na dada yangu aliambiwa zimeoana kabisa, akaachwa hata mwaka haujaisha. Sasa huo utafiti wa nini?

HesabuLindi
Shikamoo Bi Ligula. Hongera kwa wajukuu. Ila jirani yako naye ana habari yake ambayo mwalimu alipatia, na ya kwake ndiyo itasimuliwa kwenye harusi. Ndiyo maana watu walikwenda kwenye madaftari.

Bi_Ligula
Marahaba. Jirani yangu hajaolewa.

Nyangao_Kijana
Nyie mnasahau Jung. Carl Jung, bingwa wa saikolojia, alipima hili na akakuta kweli. Wanandoa wake walikuwa na mwezi wa mke uliokutana na jua la mume, vilevile kama wanajimu wa kale walivyosema. Hilo mbona hamlitaji?

HesabuLindi
Umepatia nusu, na hiyo nusu inastahili kuelezwa. Ni kweli Jung alifanya, na akachapisha 1952. Fungu la kwanza lilikuwa wanandoa 180, na kweli mwezi wa mke ulikutana na jua la mume kuliko ilivyotarajiwa. Lakini aliendelea kukusanya. Fungu la pili, wanandoa 220, likatoa kingine juu kabisa: mwezi wa mke na mwezi wa mume. Fungu la tatu, 83, likatoa cha tatu: mwezi na nyota inayochomoza. Vyote vitatu wanajimu huvisifu, lakini kila fungu lilikuwa na chake, na lile lililopita halikurudia. Alipochanganya wote 483, vilele vikashuka.

Angalia pia kwamba alikuwa akichungulia mikutano hamsini ya nyota kwa mpigo. Ukipima vitu hamsini, viwili vitatu vitaonekana vya ajabu kwa bahati tu. Kanuni ni kwamba ukiona kitu kwenye fungu la kwanza, ukitaje kabla ya kufungua la pili, halafu uangalie kama kinarudi. Kwa Jung hakikurudi, na yeye mwenyewe hakudai kwamba nyota ndizo zinazosababisha ndoa.

Nyangao_Kijana
Sawa, hilo la kutorudi sikulijua. Lakini nimesoma pia kwamba kwenye sensa hiyohiyo ya Voas, watu wa nyota moja waliooana walizidi. Asadi na Asadi, Hamali na Hamali. Hapo mtasemaje?

HesabuLindi
Hapo ndipo ninapompendea Voas. Walizidi kweli, kidogo, na hata wa nyota zinazopakana walizidi. Mwingine angekimbilia gazetini. Yeye akauliza: fomu ya sensa hujazwa na nani? Mtu mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. Anaandika tarehe yake, anafika kwa mwenzake, mkono unarudia mwezi uleule au tarehe ileile nzima. Akikosea mmoja tu katika kila elfu, kwenye wanandoa milioni kumi hao ni elfu kumi waliojikuta nyota moja kwenye karatasi bila kuwa hivyo kitandani.

Utajuaje ni kalamu na si nyota? Nyota hazianzi tarehe moja ya mwezi. Hamali huanza kama Machi 21 na kuishia kama Aprili 19. Basi chukua mume wa Machi 25 na mke wa Aprili 10. Wote Hamali, miezi tofauti. Kama ni nyota, hao nao wazidi. Halafu chukua mume wa Aprili 5 na mke wa Aprili 27. Mwezi mmoja, lakini huyu Hamali yule Thauri. Kama ni kalamu, hawa ndio watakaozidi, na utawaona kama "nyota zinazopakana". Ziada ilifuata tarehe na mwezi ulioandikwa. Ukiondoa makosa hayo, hakuna kilichobaki.

Koroshokavu
Kwa hiyo nilikuwa sahihi, Voas.

HesabuLindi
Voas ana tundu moja. Sensa inakuonyesha walio kwenye ndoa siku ile. Waliokwisha kuachana hawamo kama jozi. Silverman anao. Na Helgertz na Scott, 2020, walitumia rejista za Uswidi, wakawafuata wanandoa miaka mingi, nani alioa nani na nani aliachana, nao hawakupata mpangilio unaoshikika. Kama unataka moja tu la kubeba, mimi ningeacha yote mawili nikabeba hilo la Uswidi.

Mwalimu_Madimba
Nimesoma kimya muda mrefu. Nyote mnaongelea tarehe za kuzaliwa. Huyo mwalimu wa Mikindani hakuuliza tarehe. Aliuliza majina, si ndivyo, Shangani_Juu?

Shangani_Juu
Ndivyo, jina la kijana na la mama yake, jina la binti na la mama yake. Tarehe hakuitaka.

Mwalimu_Madimba
Basi hakuna hata jaribio moja hapo juu linalomhusu. Babu yangu alikuwa anapiga hesabu hizi, naijua njia. Unaandika majina kwa Kiarabu, kila herufi ina thamani yake ya abjadi, unajumlisha, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota. Tuseme kijana ni Ali, mama yake Fatuma. Ali ni aini 70, lamu 30, ya 10, jumla 110. Fatuma ni fa 80, alifu 1, ta nzito 9, mimu 40, na ile herufi ya mwisho ukiihesabu kama ha ni 5, jumla 135. Pamoja 245. Ukitoa kumi na mbili mara ishirini, inabaki 5. Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi. Kijana ni Asadi, moto.

Lakini wako wanaoihesabu ile herufi ya mwisho kama te, 400. Fatuma anakuwa 530, jumla na Ali ni 640, ukitoa inabaki 4. Saratani, maji. Mtu yuleyule, mama yuleyule.

Shangani_Juu
Subiri. Mama wa kijana wetu ni Fatuma kweli. Jina la kijana silo, lakini mama ndiyo.

Mwalimu_Madimba
Basi muulize kwa adabu anaihesabu vipi. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo. Babu yangu alikuwa wa 5, na alikuwa mkali kwa wale wa 400.

Koroshokavu
Kwa nini tusiipime wenyewe? Tunachukua daftari la ndoa na talaka la shehe, jozi arobaini, ishirini wako kwenye ndoa na ishirini wameachana. Tunachanganya, mwalimu anasema ipi ni ipi.

HesabuLindi
Wazo zuri. Kwa kubahatisha tu atapata kama 20. Kufikisha 27 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara mbili katika majaribio mia, kwa hiyo weka mstari hapo, na uuweke kabla ya kuanza. Shida yangu ni Mtwara yenyewe. Majina yanamwambia nani Mmakonde, nani Myao, nani mtoto wa fulani, na nusu ya hizo talaka zilipita barazani kwake. Lazima yatoke mbali, Kilwa au hata Tanga. Na usijaribu kwa tarehe, maana wazee wetu wengi kwenye kitambulisho wana Januari mosi au Julai mosi. Utapata mji mzima wa Jadi na Saratani.

Mwalimu_Madimba
Na lazima mwalimu akubali mapema kama ile herufi ni 5 au 400, isije akabadilisha katikati.

Bi_Ligula
Na shehe akupe daftari la talaka za watu? Thubutu.

Shangani_Juu
Nimempigia mjomba. Anasema mwalimu anahesabu kwa 400. Mjomba mwenyewe anamjua mwingine Lindi anayehesabu kwa 5, na kesho anapanda basi.