Acheni kutuma "Idi Mubarak" mwezi haujaandama!

Jamani, hili limenichosha. Mwezi 29 Ramadhani, alasiri, watu wako na saumu zao, na simu yaingia picha ya msikiti wenye mataa: "Idi Mubarak wewe na jamaa zako." Idi ipi? Mwezi haujatazamwa, Kadhi Mkuu hajatangaza. Ramadhani ni siku 29 au 30, na jibu lapatikana baada ya magharibi. Salamu ya kwanza yenye haki ni ya usiku wa kuamkia Idi, tangazo likishatoka na takbira zishaanza misikitini.

Msiniambie ni salamu tu. Picha ile ikishapita makundi matatu, saa yake ya asili imepotea. Anayeipokea saa nne usiku aidhani ni habari kuwa mwezi umeonekana. Analala bila kuweka nia wala kula daku, asubuhi anakunywa chai, kumbe ni mwezi 30. Siku hiyo ni deni, atailipa.

Wabaya zaidi ni wanaotegesha ujumbe kwenye simu ujitume asubuhi. Mwezi usipoandama, simu haijui. Yatuma vile vile. Tegesheni ukipenda, lakini ukisikia mwezi haukuonekana, ufuteni usiku huo huo.

Na wale wa siku ya tatu wanaoleta picha ile ile na "samahani nilikuwa bize", bora wasitume.

Binti wa Likoni: Hapo mwisho umezidi. Idi ni siku tatu, kila mtu ajua. Ndani ya siku tatu hakuna kuchelewa.

Mzee wa Kibokoni: Mwanangu, umechanganya Idi mbili. Idi ya Kuchinja ndiyo yenye siku zake: mwezi 10 Mfungo Tatu, kisha 11, 12 na 13, na takbira zaendelea mpaka alasiri ya mwezi 13. Ukimpongeza mtu mwezi 12, uko ndani ya wakati. Idi ya Ramadhani kisheria ni mwezi mosi Mfungo Mosi peke yake. Kutembeleana siku ya pili na ya tatu ni desturi yetu, na ni desturi nzuri, lakini kuanzia mwezi pili watu washaanza kufunga sita. Ndipo aliyechelewa anapoharibu: anamwandikia mwenziwe "kula biriani kwa niaba yangu", na mwenziwe amefunga.

Ukichelewa, usijifanye ni siku yenyewe. Kubali kwa maneno machache kwamba siku imepita, omba amali zikubaliwe, maana dua hiyo haina tarehe, kisha muulize kitu kimhusucho yeye. Hivi: "Asalaam aleikum dada. Idi imepita sijakuamkua, nisamehe. Allah azikubali saumu zetu na zenu. Mama miguu imepoa? Ijumaa nitapita baada ya alasiri inshallah." Udhuru mrefu usiuweke, unamlazimisha mwenzako akufariji wewe.

Na nyumba iliyofiwa ndani ya Ramadhani, usipeleke picha ya mataa hata kwa wakati. Anza na pole, ndipo dua.

Kijana wa Majengo: Mimi kakangu yuko Jeddah. Mara nyingine wao wasali Idi sisi tungali twafunga. Nikimsubiri Kadhi wetu, salamu yamfikia siku yake imepita. Je, mimi pia ni mkosa?

Mwenye uzi: La. Salamu hufuata siku ya anayepokea. Mpigie au mwandikie yeye peke yake, asubuhi ya huko. Kosa ni kuutupa ujumbe huo huo kwenye kundi la jamaa wa Mombasa ambao wangali na saumu.

Mama wa Kisauni: Na zakatul fitri je, nikiitoa siku ya pili?

Mzee wa Kibokoni: Hilo si la uzi huu, ila nisikuache hivi hivi. Mwisho wake ni kabla ya swala ya Idi. Baada ya swala yahesabiwa sadaka ya kawaida. Siku ya pili toa tu, jukumu halijakuondokea. Salamu ni nyepesi zaidi, mama. Haina adhabu ya kuchelewa.

Binti wa Likoni: Sawa, la siku tatu nimekubali. Lakini si lazima uende Jeddah. Hapa hapa Mombasa, nyumba moja yafuata mwezi wa Makka, ya pili yangoja wa hapa, na wote wako kundi moja. Ukiandika mapema, hawa wakasirika. Ukingoja, wale wasema umewatenga.

Mwenye uzi: Kwa kundi kama hilo, mimi nanyamaza nawapigia simu mmoja mmoja.

Kijana wa Majengo: Watu 60 hao!

Mzee wa Kibokoni: Aandike "kwa waliosali leo" na atume. Hakuna wa kuudhika.

Mwenye uzi: Mzee, hapo sikubaliani nawe. Hayo maneno ndiyo yanayowasha ugomvi wa mwezi kundini kila mwaka.