Naomba ushauri: prompti ya kadi ya Idi, sehemu ya ujumbe haitulii

Habarini wakuu, nimekwama hapa naombeni msaada. Natengeneza picha ya kadi ya Idi kwa AI ya picha, kadi ya kusimama, taa za fanusi zining'inie juu, pembeni nakshi za nyota za pembe nane, na chini theluthi moja ibaki tupu niandike salamu mwenyewe. Shida ni hiyo theluthi. Nikiandika "acha nafasi ya ujumbe, usiweke maandishi" ndo kwanza inaniwekea vijiherufi kama vya Kiarabu ila havisomeki, yaani aibu tupu kwenye kadi ya Idi.

Nikatoa neno "kadi" na "ujumbe", nikaandika "sehemu ya chini ni rangi ya krimu tupu, laini", herufi zikapotea kweli ila sasa nakshi zinashuka mpaka chini, na ukizikuza nyota nyingine zina pembe saba.

Sasa wakuu, nakshi nazizuiaje zisishuke kwa maneno tu? Au niiombe AI fanusi peke yake halafu nyota nizichore mwenyewe nizibandike juu yake?