Wamenikata uso kwenye duara, kumbe picha nzima bado imo ndani ya faili!

MwanaTanga: Wakuu, nina hasira hapa nilipo. Ofisini kwetu wametengeneza ukurasa wa wafanyakazi kwenye PowerPoint, kila mtu na kiduara cha sura yake, jina chini. Kijana wa utumishi hakuniomba pasipoti saizi. Kaenda kuchukua kwa shoga yangu picha ya usiku wa hina wa mdogo wangu, kanikata uso tu. Duara likatoka zuri, kosa silioni. Faili likatupwa kwenye grupu la ofisi.

Jana mwenzangu mmoja wa kiume kabofya duara langu, kagusa `Crop`, picha yote ikafunguka. Mama mdogo yupo pembeni yangu anacheza, kichwa wazi, kanga kiunoni. Ukumbi ule ulikuwa wa wanawake watupu! Namuuliza kijana, ananijibu, "Dada, mimi nilikata, mengine nilitupa." Ulitupa wapi?

Babu_Kiraka: Pole dada. Hakutupa chochote. PowerPoint haikati, inafunika. Picha inabaki nzima na pembeni yake panaandikwa maelezo ya kipande cha kuonyesha. Libadilishe jina faili kutoka `.pptx` kuwa `.zip`, lifungue, ingia `ppt/media`. Utaikuta picha imelala pale bila duara. Halafu kwenye faili la slaidi lenyewe, ndani ya `ppt/slides`, tafuta mstari wa `srcRect`, utuwekee hapa.

MwanaTanga: Ipo kweli, 1600 kwa 1200. Na mstari ni huu:

```
<a:srcRect l="42000" t="20000" r="49000" b="68000"/>
<a:prstGeom prst="ellipse">
```

Babu_Kiraka: Soma hivi: 42000 ni asilimia 42 iliyofichwa kushoto, na kulia imefichwa 49. Kwa upana umebaki na asilimia 9, yaani pikseli 144. Juu na chini hesabu ni hiyohiyo, inabaki asilimia 12 ya 1200, nayo ni 144. Ndiyo maana duara limekaa sawa. Ila ukizidisha 9 kwa 12 unaona kwamba watu wanaonyeshwa kama asilimia moja tu ya picha. Tisini na tisa zinasafiri zimejificha.

Kidevu_Tupu: Na mimi yamenikuta, picha yangu ya wasifu inanikata kilemba juu kila nikiweka. Nifanyeje?

Babu_Kiraka: Yako ni nyingine mkuu, acha nafasi kuzunguka kichwa kabla ya kuipandisha. Hapa tunaongelea kilichobaki ndani ya faili.

FundiStesheni: Mnakuza mambo. Bofya picha, `Picture Format`, `Compress Pictures`, weka tiki `Delete cropped areas of pictures`, hifadhi. Kwisha kazi. Nafanya kila siku kwa wateja.

Babu_Kiraka: Nusu yake ni kweli. Kwanza hapo hapo kuna tiki nyingine, `Apply only to this picture`, huwa imeshawekwa tayari. Usipoitoa unasafisha duara moja, ya wenzako yanabaki na shehena zao. Pili, kinachofutwa ni nje ya mraba, siyo nje ya duara. Zile pembe nne zinabaki, na pembe ni kama asilimia 21 ya mraba. Bega la mama mdogo likiwa kwenye pembe, bado limo.

FundiStesheni: Hizo pembe sikuwahi kuziangalia, nakiri. Sasa mteja akitaka duara?

Babu_Kiraka: Mkatie uso kwenye simu kwanza, hifadhi nakala mpya, hiyo nakala ndiyo uingize. Pembe zikiwa na mtu, piga picha ya skrini ya duara lenyewe likiwa juu ya ukurasa mweupe, utumie hiyo. Kisha jikague: bofya, gusa `Crop`. Kivuli cha picha kikivuka mraba unaozunguka duara, hujafuta.

MwanaTanga: Leo wametuma faili jipya, nimegusa `Crop`, safi. Lakini la zamani limekaa kwenye simu za watu zaidi ya thelathini! Bosi ananiambia nipunguze makelele, eti sura yangu imetoka vizuri.

Wakili_Mtaani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na Tume yake ipo. Andika barua kwa mwajiri kwanza, ubaki na nakala. Mwenye malalamiko mazito hapo ni mama mdogo wako kuliko wewe.

FundiStesheni: Ila shoga ndiye aliyeitoa picha, mbona hasemwi?

MwanaTanga: Huyo nakwenda kwake jioni. Mama mdogo bado hajajua, na sijui nani atamwambia.